Rafiki wa zamani anataka muonane, nawe moyo haupo: namna ya kumjibu bila kumzungusha

Meseji iliingia kwenye simu yangu Jumamosi usiku, saa nne kasoro: "Kakaaa! Siku nyingi. Nimekukumbuka sana leo. Wiki ijayo nitakuwa maeneo ya kwako, tuonane basi tupige stori kama zamani." Aliyeiandika ni mtu niliyeishi naye chumba kimoja chuoni kwa miaka miwili. Hatukugombana hata siku moja. Mara ya mwisho tulionana miaka minne nyuma. Stori za chuo zikaisha ndani ya nusu saa, na muda wote uliobaki kila mtu alikuwa akipapasa simu yake huku akisema "ehee, halafu?"

Nilimjibu baada ya dakika mbili. "Kaka! Nimefurahi kukusikia. Wiki ijayo nimebanwa kweli, ila tutapanga."

"Poa. Wiki inayofuata je?"

"Nayo ina mambo mengi. Nitakucheki."

"Haina neno. Basi mwisho wa mwezi, nitakuja hata kama ni jioni."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Sikuwa nimemkatalia. Nilikuwa nimemwomba abadilishe tarehe, naye kwa ustaarabu wake alikuwa akibadilisha. Kila jibu langu lilimpa kazi mpya ya kutafuta siku nyingine, na mimi kazi mpya ya kutafuta sababu nyingine.

Ninayoyaandika hapa ni kwa hali ya namna hiyo tu: rafiki hana kosa, urafiki umepoa wenyewe, na wewe hutaki kuurudisha ulivyokuwa. Kama anayekutafuta ni mtu aliyewahi kukutisha au kukudhulumu, huna deni la maelezo wala la upole. Kunyamaza kunatosha.

Kwanza, achana na "niko bize"

Naanza na hili kwa sababu ndilo jibu linalotutoka mdomoni kabla hatujafikiri. Tunaliona la heshima kwa kuwa halimgusi mtu, lakini linamgusa. Watafiti Grant Donnelly, Ashley Whillans na wenzao walilinganisha watu wanaokataa mwaliko kwa kisingizio cha kukosa muda na wanaokataa kwa kukosa pesa. Waliosema hawana muda ndio waliomfanya mwalikaji ajione hathaminiwi zaidi. Sababu ni ya kawaida tu: wengi wetu tunaamini muda uko mikononi mwa mwenyewe, kwa hiyo anayesema hana muda tunamsikia akisema amewapa wengine.

Ubaya wa pili ndio ulionikuta mimi. Bize ina mwisho. Ukimwambia mtu umebanwa wiki hii, umemwambia pia kwamba wiki ijayo huenda uko huru, na akiuliza tena hana kosa. Mara ya tatu au ya nne atagundua, na atakachogundua si kwamba mmepoteana. Atagundua kwamba ulikuwa unampiga danadana. Kukataliwa mtu anaweza kukusamehe mapema, ila kuzungushwa kunamfanya arudi kusoma meseji zako zote upya, akitafuta uongo ulianzia wapi.

Kuhusu hofu ya kukataa, Julian Givi na Colleen Kirk walichapisha utafiti mwaka 2023 ulioonyesha kwamba tunaoalikwa huwa tunakisia vibaya: tunadhani mwalikaji ataumia kuliko anavyoumia kweli. Nadhani hilo lina mpaka. Mwaliko mmoja wa kwenda mahali si sawa na mtu anayetaka kufufua urafiki wa miaka, na huyu wa pili anaweza kuumia kweli. Lakini sehemu kubwa ya woga wetu tunaitunga wenyewe tukiwa tumeshika simu.

Hatua ya 1: Soma anachokiomba, siyo unachokiogopa

Isome meseji mara mbili. Je, anataka kuonana tu, au kuna jambo nyuma yake? Watu hutafuta marafiki wa zamani wakiwa na msiba, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, deni, au radhi wanayotaka kuomba. Dalili ni pale ujumbe usipofanana naye: mtu wa utani anaandika kwa upole mno, au anasisitiza "nina shida ya kukuona" bila kueleza shida.

Ukiwa na shaka, uliza kabla ya kujibu lolote, na uulize kwa namna isiyomfanya ajieleze kama mbele ya karani. "Una shida gani?" inasikika kama mlango ulio nusu wazi. "Uko salama lakini? Kuna kitu ungependa tuzungumze?" inatosha. Akisema kuna jambo zito, weka pembeni suala la urafiki na ushughulikie jambo hilo. Unaweza kumsikiliza mtu aliyefiwa bila kuahidi kurudi kuwa rafiki yake wa karibu, na siku hiyo si ya kumweleza mpaka wako.

Yangu haikuwa na jambo nyuma. Alinikumbuka tu.

Hatua ya 2: Ujue jibu lako kabla hujagusa simu

Majibu ya kweli huwa matatu. La kwanza: sitaki kuonana. La pili: kuonana mara moja sawa, lakini sitaki tuanze upya. La tatu: tusionane, ila tuendelee kusalimiana kwenye simu. Wengi tunaandika vibaya kwa sababu tunaanza kuandika kabla ya kuchagua, halafu meseji moja inakuwa na majibu yote matatu.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Fikiria mmeshaonana, mmeagana vizuri, na anapogeuka kuondoka anakwambia, "Tena tufanye hivi kila mwezi." Sikiliza unavyojisikia papo hapo. Ukifurahi, huenda hamjapoteana kama unavyodhani, nenda mkaonane. Ukishtuka kwa ile "kila mwezi" lakini hukujutia kikao chenyewe, jibu lako ni la pili. Kama ulishachoka tangu ulipofikiria kukaa naye, jibu ni la kwanza au la tatu, na kinachoyatofautisha ni kama huwa unafurahi jina lake likitokea kwenye simu.

Mimi nilikuta ni la tatu. Salamu zake napenda. Ni kile kikao cha saa mbili ndicho sikukitaka.

Jipe siku moja kufikiri, zikizidi sana mbili. Ukivuka hapo, kimya chenyewe kinaanza kusema maneno, na jibu lako litabidi lianze na kujitetea kwa kuchelewa.

Hatua ya 3: Tenganisha ukweli na hukumu

Hapa ndipo watu wema wanapoharibu. Wakiambiwa wawe wakweli, wanafungua kesi: umebadilika, ulinitenga nilipohama, huwa unaongea mambo yako tu. Huenda yote ni kweli, lakini hakuuliza hayo. Ameuliza tuonane au tusionane. Ukweli unaodaiwa ni jibu la swali hilo, na kidogo cha sababu inayokuhusu wewe.

Lugha yetu inasaidia kulikagua hili kwa sababu mtenda hukaa mwanzoni mwa kitenzi. Ukimaliza kuandika, pitia vitenzi vyako kimoja kimoja na uangalie vinavyoanza na *u-* au *hu-*: umebadilika, ulisahau, hukunitafuta. Hivyo ni hukumu, vifute. Vinavyoanza na *ni-* au *si-* ndivyo unavyoweza kuvisimamia: nimekuwa mtu wa watu wachache, sijisikii kukutana, nimefurahi. Akibisha, atabishia nini? Hisia ni zako.

Kuna mtego kwenye *tu-*. "Tumebadilika sana" inaonekana ya usawa, lakini umemsemea. Yeye huenda haoni kama kuna kilichobadilika, na ndiyo maana kakutafuta. Tumia *tu-* kwa yaliyokwisha kutokea na ambayo nyote mnayajua: tulicheka, tuliishi, tulisaidiana. Mambo ya sasa jisemee mwenyewe.

Hatua ya 4: Andika

Meseji ina sehemu nne, na mpangilio wake una maana.

Anza na salamu inayolingana na yake. Kama kaandika "Kakaaa!", usimjibu "Habari ya wakati huu." Ubaridi wa mstari wa kwanza utamfanya asome yote yanayofuata kwa ubaridi huo huo. Kama mlikuwa mnaitana shoga, mwite shoga. Jina mliloitana ni la kwenu wote wawili, na kulitumia si ahadi ya chochote.

Kisha taja kumbukumbu moja, moja tu, yenye umbo lake. "Nakumbuka siku zetu nzuri" mtu yeyote anaweza kumwandikia yeyote. Niliyoitumia mimi ni usiku wa kabla ya mtihani, taa zilipokatika, akanisomea madaftari yake kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha. Sehemu hii ndiyo inayobeba upole wa meseji nzima, kwa sababu inamhakikishia kwamba kukataa kwako hakufuti kilichokuwepo. Kama hukumbuki hata kimoja, usibuni, yeye anakumbuka kuliko unavyodhani.

Halafu jibu lenyewe, katika sentensi mbili au tatu, likianza sentensi mpya. Usiliunganishe na kumbukumbu kwa "lakini" wala "ila". "Nakuthamini sana lakini..." kila mtu anajua kinachofuata, na akifika hapo ameshasahau kuthaminiwa. Weka nukta, pumua, sema.

Mwisho, kilichobaki wazi, kama kipo kweli. Kanuni yangu ni kwamba usiahidi kitu usichoweza kukiandika kwenye kalenda ya simu sasa hivi. "Tutawasiliana" huwezi kuiandika. "Nitakutafuta mwanao akianza shule" unaweza.

Na kama ulishamzungusha kama mimi, weka mstari mmoja wa kuusafisha uongo, mapema kabla ya jibu. Mmoja unatosha, maana radhi ndefu humlazimisha aache kuumia ili aanze kukubembeleza wewe.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Kaka, samahani sana kwa kukusumbua, najua utanielewa vibaya, ila ukweli maisha yametubadilisha na siku hizi sisi si wale wa zamani, si kwamba nina tatizo na wewe, wewe ni mtu poa sana, labda baadaye mambo yakitulia tutaona, Mungu akipenda."

Angalia ilivyojaa matobo. "Najua utanielewa vibaya" inamlaumu kabla hajasoma. "Maisha yametubadilisha" inamsemea, tena kwa kuyasingizia maisha. "Si kwamba nina tatizo na wewe" inampa wazo la tatizo ambalo hakuwa nalo. Na mwishoni nimerudi kwenye "labda" na "tutaona", yaani danadana zilezile nilizotaka kuziacha. Hata jina la Mungu nimelitumia kama mlango wa kutokea.

Iliyoenda ni hii:

"Kakaaa! Asante kwa kunikumbuka. Kwanza nisamehe, nilikwambia nimebanwa, kumbe nilikuwa sijui nikujibuje. Ule usiku ulionisomea madaftari kwa tochi mpaka simu ikazima bado naukumbuka, na ule mtihani nilifaulu kwa sababu yako. Nikujibu wazi sasa: sitakuja kuonana. Siku hizi nimekuwa mtu wa kukaa na watu wachache sana, na sijisikii kurudi kwenye vikao vya stori kama zamani. Hujanikosea kitu. Salamu zako huwa zinanifurahisha, na kijana wako akianza darasa la kwanza mwezi wa kwanza nitakutafuta unipe habari zake."

Sentensi ya "sitakuja kuonana" niliandika na kufuta mara nne. Niliijaribu "sidhani kama nitaweza", nikaona inarudi kuwa bize. "Sitaki kuonana nawe" ni kweli tupu ila ina ncha: inamlenga yeye. "Sitakuja" inafunga mlango bila kumsukuma aliyesimama mlangoni.

Kama jibu lako ni "mara moja sawa"

Basi sema ukubwa wa hiyo mara moja kabla ya siku yenyewe, na siyo ukiwa umekaa unatazama saa. "Jumapili saa tisa nipo, nina saa moja hivi, saa kumi naondoka. Nitafurahi kukuona." Chagua mchana, na mkutane sehemu ambayo kila mtu anaondoka kwa miguu yake. Ukimpa lifti ya kumrudisha, saa moja imekuwa tatu. Ni vizuri pia muwe na kitu cha kufanya, hata kutembea tu, kwa sababu mkitembea kimya kinakosa uzito.

Usiogope kwamba saa hiyo itakurudisha kwenye urafiki usioutaka. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wake wa 2018, alikadiria kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili kutoka kufahamiana hadi kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili kuwa marafiki wa karibu. Alikuwa akizungumzia marafiki wapya, hilo likumbukwe. Hata hivyo ukaribu hujengwa na mazoea ya kuonana, na mazoea hayo huanza pale unapokubali tarehe ya pili kwa aibu. Kwa hiyo linda mlango wa kutokea: akisema "tena lini?", jibu ulilolitayarisha ni "Nimefurahi kukuona leo. Sitaahidi tarehe nyingine." Litasikika kavu. Sema ukitabasamu.

Hatua ya 5: Kutuma

Napendekeza maandishi kuliko sauti. Meseji ya sauti ina joto, kweli, lakini ukijikwaa unaanza kujazia maneno, na yeye anaweza kuifungua akiwa na watu. Maandishi atayasoma peke yake, na atayarudia. Ukituma usifute: alama ya ujumbe uliofutwa itamfanya awaze mabaya kuliko ulichoandika. Tuma mchana, siyo usiku wa manane, na usiweke picha mpya za starehe dakika kumi baadaye. Nimewahi kufanyiwa hivyo, na hadi leo sikumbuki maneno ya ile meseji, nazikumbuka picha.

Hatua ya 6: Atakachojibu

Akijibu "Poa", mwache na poa yake. Usiongeze "una uhakika hujakasirika?" Hilo swali ni la kutuliza nafsi yako, na linamtaka akudanganye.

Akinyamaza, mwachie kimya. Anaweza kukaa wiki. Kumtumia kichekesho siku ya tatu ili "kupima hewa" ni kumnyima nafasi ya kuumia kidogo.

Akiuliza "Nimekukosea nini?", hili lijibu, mara moja, na lisiwe na kipya ndani yake: "Hujanikosea. Nilichokwambia ndicho kilichopo." Jaribu kubwa hapa ni kutafuta sababu nzito zaidi ili ukataaji wako uonekane una haki. Ukishatoa sababu ya pili ataijibu, na mtaanza kujadiliana kama bei. Lakini kama kuna kosa kweli, na lilikuuma, jiulize kama ungependa alirekebishe. Ukitaka, mwambie. Ikiwa hata akilirekebisha hutarudi, hilo kosa libaki kwako.

Akikasirika na kukutupia maneno, jibu moja fupi: "Naelewa umeumia. Sikutaka iwe hivyo." Baada ya hapo hujibu tena, hata akiandika mistari kumi. Kinachoonyesha kwamba meseji yako ilikuwa sawa si kwamba hakukasirika. Ni kwamba hasira yake iko kwenye jibu lako, na hakuna mstari anaouliza ulimaanisha nini au mtaonana lini. Akiuliza hayo, rudi uisome, kuna "labda" uliisahau humo.

Wangu alikaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akaandika, "Dah. Sawa kaka. Nilishaanza kujiuliza ni nini." Chini yake akaweka picha ya ile simu yake ya zamani, kioo kimepasuka, bado anaitunza kwenye droo. Nikacheka, nikamwandikia kwamba hiyo simu ina cheti kuliko mimi. Halafu nikafungua kalenda nikaweka kikumbusho cha mwezi wa kwanza, tarehe ya shule kufunguliwa.

Kililia nikiwa kazini. Nikamwandikia kabla sijakizima: "Vipi, kijana amelia getini au kakuacha wewe unalia?"